Saba Jumlisha Tano, Umetua Wapi?

Daftari la mtoto wa darasa la kwanza lina maswali sita ya hesabu, na manne yametiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Kwenye 7 + 5 kaandika 11. Kwenye 9 + 3 kaandika 11 tena. 13 − 4 kaipa 10, na 16 − 6 kaipa 11. Mawili aliyopata ni 5 + 5 na 6 + 0.

Mzazi anayelifungua daftari hilo jioni hudhani mtoto alikuwa anabahatisha. Akiyatazama majibu kwa makini, atabadili mawazo. Kila jibu la kujumlisha limepungua moja, na kila jibu la kutoa limezidi moja. Anayebahatisha hakosei kwa utaratibu kiasi hicho. Mtoto huyu ana njia yake, anaifuata bila kuyumba, na njia hiyo ina kasoro sehemu moja tu.

Chini ya kila swali mwalimu alichora mstari wa namba, kuanzia 0 mpaka 20. Mtoto aliweka kidole kwenye 7 akasema "moja". Akasogea kwenye 8, "mbili". Kwenye 9, "tatu". Kwenye 10, "nne". Kwenye 11, "tano". Akainua kidole, akaandika 11. Kidole kiligusa namba tano, hilo ni kweli, lakini kiliruka mara nne. Swali la 5 + 5 hakulifanyia kwenye mstari kabisa. Alikwishalikariri kwa vidole vya mikono yake miwili. Na 6 + 0 haina mruko wa kuhesabu, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukosea.

Kosa hili linajulikana sana kwa walimu wa madarasa ya mwanzo, na halitokani na uvivu. Kabla ya kukutana na mstari wa namba, mtoto amekaa miaka akihesabu vitu: vizibo vya soda, vijiti, kokoto, maembe kwenye beseni. Huko kanuni ni kugusa na kutaja. Cha kwanza kukiguswa ndicho "moja", na kila kitu hupewa namba yake. Ni kanuni nzuri na mtoto ameishika barabara. Anapopewa mstari anaitumia vilevile, na hapo ndipo inapomwangusha, kwa sababu kwenye mstari hatuhesabu vitu tena. Tunahesabu mwendo. Alama ni mahali pa kusimama. Kinachohesabiwa ni nafasi iliyo kati ya alama na alama. Mstari wa 0 mpaka 20 una alama 21, lakini nafasi ni 20. Ile moja inayopotea kwenye majibu ya mtoto inatoka papo hapo.

Abiria aliyepanda daladala Ubungo akaambiwa ashuke kituo cha tatu haanzi kuhesabu Ubungo. Pale ndipo alipo. Kituo cha kwanza ni kile ambacho gari litasimama baada ya kuondoka. Watoto wengi wa mjini wanalijua jambo hili kwa miguu yao, na mwalimu anayelitaja darasani huokoa maelezo mengi.

Sasa karatasi yenyewe. Karatasi ya mazoezi ya mstari wa namba inaonekana kitu chepesi, na nyingi zinazouzwa au kutolewa kopi zimechorwa ovyo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Mtu akitaka mstari wa 0 mpaka 20 wenye nafasi za sentimita moja moja, anahitaji sentimita 20 kamili, na hapo inabaki nusu sentimita kila upande. Mashine ya fotokopi huweza kula 0 au 20, na ikila 0 mstari umeharibika. Afadhali kuilaza karatasi, kwa sababu urefu wake ni sentimita 29.7. Kwa hiyo nafasi zinaweza kuwa za sentimita moja na robo, mstari ukawa sentimita 25, na bado pembeni pakabaki nafasi ya kutosha. Kidole cha mtoto wa miaka sita au saba kinahitaji uwanja huo. Kwa wanaoanza kabisa, mstari wa 0 mpaka 10 wenye nafasi za sentimita moja na nusu unatosha, na unakaa vizuri kwenye karatasi iliyosimama. Shule isiyo na mashine inaweza kutumia daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba: kila vyumba viwili ni nafasi moja, na rula haihitajiki.

Nafasi zote ziwe sawa. Kila alama iwe kijistari kifupi kinachoukata mstari, na namba iandikwe chini ya kijistari hicho, si kati ya viwili. Kuna karatasi ambazo mchoraji ameziandika namba katikati ya nafasi kwa sababu zinapendeza hivyo. Mtoto anayezitumia hana njia ya kujua kama anaruka kutoka alama hadi alama au kutoka chumba hadi chumba. Na juu ya mstari ibaki sehemu tupu ya kama sentimita mbili, maana huko ndiko miruko itakakochorwa.

Mruko huchorwa kama tao dogo linaloanzia kwenye alama moja na kushukia kwenye alama inayofuata. Walimu wengi huchora matao ya kwenda mbele juu ya mstari. Ya kurudi nyuma yanaweza kuchorwa chini yake, na kwa karatasi ya mazoezi ya kwanza mpango huo unasaidia, kwa kuwa mwalimu akitupa jicho mara moja anaona mtoto alielekea wapi. Chini ya kila mstari kunakuwa na sentensi ya kujaza:

Anzia ___. Ruka mbele mara ___. Umetua kwenye ___.

Sentensi hiyo ina kazi kuliko inavyoonekana. Inamlazimisha mtoto kutenganisha mambo matatu ambayo swali la 7 + 5 limeyabana pamoja. Ile 7 ni mahali. Ile 5 ni idadi ya miruko, na haitafutwi kwenye mstari. Jibu ni mahali pengine. Watoto wanaochanganya huweka kidole kwenye 7, kisha wakaenda kuitafuta 5 kwenye mstari, wakaganda hapo wakishangaa kwa nini wamerudi nyuma.

Tulifanye swali hilo taratibu, kama linavyofanywa na mwalimu aliyeketi na mtoto mmoja.

"Weka kidole kwenye 7. Tumesharuka?"

"Bado, mwalimu."

"Tumeruka mara ngapi mpaka sasa?"

"Sifuri."

Neno hilo, sifuri, litamkwe na mtoto mwenyewe kabla kidole hakijaondoka. Ndilo linaloiondoa 7 kwenye hesabu ya miruko. Kisha anachora tao la kwanza kutoka 7 hadi 8, na juu ya tao anaandika 1 ndogo. Mdomo unasema "nane", yaani alipotua. Tao la pili linafika 9. Anaandika 2 juu yake, anasema "tisa". La tatu, "kumi". La nne, "kumi na moja". La tano, "kumi na mbili". Juu ya mstari kuna 1, 2, 3, 4, 5. Mdomoni zimepita nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Amefanya mara tano, ametua kwenye 12.

Mgawanyo huu wa kazi kati ya mkono na mdomo una sababu. Kuhesabu kwenda mbele kutoka namba fulani ni kuhesabu mara mbili kwa wakati mmoja: unafuatilia uko wapi, na unafuatilia umeruka mara ngapi. Mtu mzima hufanya hivyo bila kujisikia. Mtoto wa darasa la kwanza akijaribu kubeba zote mbili kichwani, moja hudondoka. Namba ndogo juu ya matao hubeba hesabu ya miruko, na kichwa kinabaki na kazi moja ya kujua kilipo.

Upo pia ushahidi kwamba kinachotamkwa kina uzito. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani Geetha Ramani na Robert Siegler waliwapa watoto wa shule za awali kutoka familia zenye kipato kidogo mchezo wa ubao wenye vyumba vya 1 mpaka 10 vilivyopangwa kwenye mstari mmoja. Watoto walicheza vipindi vichache vifupi ndani ya wiki mbili, na uelewa wao wa namba ukapanda kuliko wa wenzao waliocheza kwenye ubao wa rangi tupu usio na namba. Sharti moja la mchezo lilikuwa kutaja namba za vyumba wanavyovipita: aliyekuwa kwenye 5 na akapata hatua mbili alisema "sita, saba". Mwaka 2014 Siegler na Elida Laski walilifuatilia jambo hilo kwa ubao mkubwa zaidi, wa namba mpaka 100. Waliosonga huku wakitaja namba za vyumba walijifunza zaidi ya waliosonga huku wakisema "moja, mbili". Ubao uleule na hatua zilezile. Kilichobadilika ni maneno ya mdomoni.

Mtoto akishapata jibu, huambiwa alihakiki. Na njia inayofundishwa kila mahali ni kurudi: ukiruka mbele mara tano ukatua kwenye 12, basi ruka nyuma mara tano uone kama utarudi 7. Ni ukaguzi wa kweli kihesabu, kwani kutoa hutengua kujumlisha. Ila kwa kosa letu la mwanzo, ukaguzi huu hauoni kitu.

Mchukue yule mtoto aliyepata 11. Anaambiwa arudi mara tano kutoka 11. Anaweka kidole kwenye 11 na, kama kawaida yake, anasema "moja". Kwenye 10, "mbili". Kwenye 9, "tatu". Kwenye 8, "nne". Kwenye 7, "tano". Amerudi 7! Jibu lake limethibitika mbele ya macho yake, naye sasa ana uhakika kuliko mwanzo. Kosa la kwenda limekutana na kosa la kurudi, yakafutana. Hata mwalimu aliye kwenye darasa kubwa, akipita kati ya madawati, akiona mtoto karudi alikoanzia, anaweza kumpa vema na kuendelea.

Ndiyo maana kukagua mwisho wa safari hakutoshi. Kinachopaswa kukaguliwa ni kila mruko, na mruko wa kwanza kuliko yote. Swali la kumuuliza mtoto si "umepata ngapi?" Ni hili: "Uliporuka mara ya kwanza, ulitua wapi?" Aliyeanzia 7 akijibu "nane", yuko salama. Akijibu "saba", tatizo limepatikana na halijavuka hata alama moja. Karatasi nzuri huliandika swali hilo lenyewe. Kabla ya nafasi ya jibu la mwisho huwekwa mstari mfupi wa kujaza: "Mruko wa 1 umetua kwenye ___." Au vinawekwa viduara vitupu, kimoja kwa kila mruko, na mtoto anaviandika vituo vyake vyote: 8, 9, 10, 11, 12. Hapo mwalimu hana haja ya kukisia. Mtoto aliyeandika 7, 8, 9, 10, 11 ameacha nyayo zake zote kwenye karatasi.

Kipo kipimo kingine, na ndicho kifupi kuliko vyote: 7 + 1. Anayehesabu pa kuanzia atagusa 7, aseme "moja", amalize. Jibu, 7. Hapo upuuzi unaonekana bila kufundishwa, maana hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba ukiwa na peremende saba ukaongezewa moja huwezi kubaki na saba. Atanyanyua uso mwenyewe. Swali la namna hiyo liwekwe la kwanza kabisa kwenye karatasi, likifuatwa na 12 − 1, halafu 4 + 2, kabla ya kufika kwenye miruko mitano na sita. Karatasi nyingi huanza na maswali makubwa kwa sababu yanaonekana kuwa na hadhi. Wanaozitunga hawajawahi kukaa wakitazama kidole cha mtoto kikitembea.

Na ukaguzi wa tatu ni kuondoka kwenye mstari kabisa. Vizibo saba, vizibo vitano, vyote vihesabiwe pamoja. Vikifika 12 huku mstari ukisema 11, kimoja kati ya viwili kimekosea, na mtoto ataamini vizibo. Vihesabio havina pa kuanzia, kwa hiyo kosa lile haliwezi kujificha humo. Mwalimu asikimbilie kusema kipi kimekosea. Amwache arudie miruko mbele yake, taratibu, huku akisema anapotua.

Kurudi nyuma ni kugumu zaidi, na sababu ya kwanza iko mdomoni. Mtoto anayetiririka kutoka moja mpaka ishirini bila kupumua anaweza kukwama akiambiwa ataje kutoka kumi na tatu kushuka. Wengine huanza upya kimya kimya kutoka moja ili wajue kinachotangulia kumi na moja. Basi kabla ya karatasi ya kutoa haijagawiwa, dakika chache za kuhesabu kurudi nyuma kwa sauti zina faida: kutoka 10 hadi 0 kwanza, kisha kutoka 20.

Tuchukue 13 − 4. Kidole kwenye 13, miruko sifuri. Tao la kwanza chini ya mstari linatua kwenye 12, la pili 11, la tatu 10, la nne 9. Jibu ni 9. Mtoto wa mwanzo wa makala hii alipata 10 kwa sababu aliihesabu 13 kuwa mruko. Lakini kwenye kutoa huibuka na kosa jingine: kuelekea upande usiofaa. Anaona 13 na 4, anaruka mbele, anatua kwenye 17. Makosa haya mawili hayafanani hata kidogo, na jibu lenyewe linayatofautisha. Lililokosewa pa kuanzia hukosa kwa moja. Lililokosewa upande hukosa kwa mara mbili ya miruko: 17 imeipita 9 kwa 8, na 8 ni mara mbili ya 4. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye kidole na neno sifuri. Wa pili anahitaji kuulizwa swali moja kabla hajaruka: "Tukitoa, tutabaki na nyingi zaidi au chache?" Ukimpa wa pili mazoezi ya wa kwanza, umempotezea kipindi kizima.

Lipo na kosa la mkono tu, lisilohusu akili. Tao linachorwa haraka na kushukia katikati ya alama mbili, au linaruka alama mbili kwa mpigo. Huonekana kwa macho, na dawa yake ni penseli iliyochongwa na nafasi pana zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kuilaza ile karatasi.

Kuna maswali ya kutoa ambayo kurudi nyuma ni kujitesa. 12 − 9 kwa miruko tisa ya kurudi ni safari ndefu yenye nafasi tisa za kuteleza. Mtoto akitia alama kwenye 9 na kwenye 12, kisha akahesabu miruko iliyo kati yake, anapata mitatu mara moja: 10, 11, 12. Hapa jibu halikai pale alipotua. Jibu ni idadi ya matao. Kwa wengine hilo ni jambo geni, kwa hiyo lisichanganywe kwenye karatasi moja na maswali ya kawaida mpaka watoto wawe na uhakika wa kutua. Likija, sentensi ya kujaza nayo ibadilike: "Kutoka ___ hadi ___ ni miruko ___."

Miruko ya mojamoja ikishatulia, mtoto huanza kuunganisha. Kwa 8 + 6 anaruka 2 kwa mpigo mpaka 10, kisha 4 zilizobaki, anatua kwenye 14. Kwa 15 − 8 anarudi 5 mpaka 10, kisha 3, anatua kwenye 7. Matao ni mawili tu, na juu ya kila moja ameandika ukubwa wake. Ukaguzi nao unabadilika. Swali la kwanza ni kama ametua kwenye 10 kweli. La pili ni kama ukubwa wa matao ukijumlishwa unatimia: 2 na 4 ni 6, 5 na 3 ni 8. Kosa la hatua hii ni kufika 10 vizuri kisha kuruka 6 zote tena, na jibu likawa 16. Mtoto amesahau kwamba mbili amekwishazitumia.

Hapo ndipo walimu wa Uholanzi walipopachukua na kuendelea. Watafiti wa Taasisi ya Freudenthal ya Utrecht walieneza matumizi ya mstari mtupu, usio na alama wala namba, ambao mtoto huweka mwenyewe vituo anavyovihitaji. 38 + 25 inaweza kufanywa kwa kuruka 20 hadi 58, kisha 2 hadi 60, kisha 3 hadi 63. Ni zana nzuri ya darasa la pili na la tatu. Kumpa mtoto ambaye bado anaihesabu 7 kuwa mruko ni kumficha asionekane anapokosea.

Kwa wadogo zaidi hali ni kinyume: huenda hata mstari wenye alama umewahi mno. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2009 kuhusu hesabu za watoto wadogo ilitahadharisha kwamba mstari wa namba unawachanganya, kwa kuwa unawataka wahesabu urefu ambao hawajazoea kuuona kama kitu. Badala yake ilipendekeza njia ya namba: vyumba vilivyopangana, kila kimoja na namba yake ndani, kuanzia 1. Chumba kinaonekana na kinaguswa, kwa hiyo ile kanuni ya kugusa na kutaja bado inafanya kazi. Kwa Tanzania hilo linamaanisha elimu ya awali na mihula ya mwanzo ya darasa la kwanza. Chaki na uwanja wa sementi vinatosha. Mtoto anasimama ndani ya 4, anaambiwa aruke mara tatu, na mwili wake wenyewe unamwambia kwamba kusimama hakujawa kuruka. Aliyeruka kwa miguu siku kadhaa hupata shida ndogo anapofika kwenye karatasi.

Mwendo huo wa mbele na nyuma, kwa kweli, ni wa zamani. Mwaka 1685 mwanahisabati wa Oksfodi, John Wallis, katika kitabu chake cha aljebra, alimweka mtu kwenye mstari akamtembeza yadi 5 mbele, kisha 2 nyuma, akauliza amesonga kiasi gani. Yadi 3. Halafu akamtembeza 5 mbele na 8 nyuma, na mtu akajikuta yuko yadi 3 nyuma ya alipoanzia. Kwa njia hiyo alizipa namba hasi mahali pa kukaa, wakati ambapo wasomi wengi walikuwa bado wanazitilia shaka. Karatasi ya darasa la kwanza haifiki huko. Mstari wake unaishia 0, na mtunzi anapaswa kuhakikisha hakuna swali linalomtupa mtoto nje ya karatasi.

Kwa mwalimu au mzazi anayetaka kutunga karatasi wiki hii, maswali manane yanatosha: mawili ya mruko mmoja, mawili ya miruko miwili au mitatu, mawili ya kwenda mbele yanayovuka 10, na mawili ya kurudi nyuma yanayovuka 10. Kila moja liwe na mstari wake, na kila moja liulize mruko wa kwanza umetua wapi. Wakati wa kusahihisha, anza na hapo. Mtoto aliyejaza 8 kwenye mruko wa kwanza wa 7 + 5 kisha akamaliza na 13 amepotea njiani na atajirekebisha akirudia. Aliyejaza 7 asipewe karatasi ya pili kabla hujakaa naye na 7 + 1.